RNA inavyokatwa na kuungwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu spliseosomu

Majibu mengi hapa yanatumia jeni moja tu, HBB, ile inayobeba maelezo ya mnyororo wa beta wa hemoglobini. Ni jeni fupi, inajulikana herufi kwa herufi, na inapokosewa kuungwa matokeo yake huonekana kwenye damu ya mgonjwa. Tukifika kwenye uungaji mbadala tutalazimika kuiacha, maana HBB haina mengi ya kuonyesha upande huo.

## Kwa nini RNA inayonakiliwa kutoka kwenye DNA haitumiki kama ilivyo?

Kwa sababu ndani yake kuna vipande visivyotakiwa kufika kwenye ribosomu. Nakala ya kwanza, ambayo hapa tunaiita mRNA ghafi, hunakili jeni yote. Vipande vitakavyobaki huitwa eksoni, na vile vitakavyotolewa huitwa introni. Kinachozitoa introni na kuziunga eksoni ni spliseosomu, mtambo wa RNA na protini ulio ndani ya kiini.

HBB ina urefu wa herufi 1606. Ina eksoni tatu, za herufi 142, 223 na 261. Katikati yake kuna introni mbili: ya kwanza ina herufi 130, ya pili 850. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya nakala hutupwa, na mRNA inayotoka kwenye kiini ina herufi 626 za jeni, ukiacha kofia ya mwanzoni na mkia wa A unaoongezwa mwishoni.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1977 kwenye virusi vya adeno, na maabara mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake, ya Phillip Sharp na ya Richard Roberts. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kabla ya hapo iliaminika kwamba mRNA ni nakala ya moja kwa moja ya jeni, na kwa bakteria imani hiyo ilikuwa karibu sahihi.

## Spliseosomu inajuaje pa kukata?

Inasoma alama tatu zilizo kwenye RNA yenyewe. Ya kwanza iko mwanzoni mwa introni, ambapo karibu kila mara utakuta herufi GU. Ya pili ni nukta ya tawi, ambayo ni herufi A iliyoko kiasi cha herufi 18 hadi 40 kabla ya mwisho wa introni. Ya tatu ni mwisho wenyewe, yaani AG, iliyotanguliwa na ukanda mrefu wenye U na C nyingi.

GU na AG peke yake hazitoshi, maana zimetapakaa kila mahali. Kinacholeta tofauti ni herufi zinazozizunguka. Chukua mwanzo wa introni ya kwanza ya HBB. Eksoni inaishia CAG, introni inaanza GUUGGU. Mlinzi wa lango hili ni U1, chembe yenye RNA ya herufi 164 na protini kadhaa. Ncha ya RNA ya U1 inapandana na lango kwa jozi za kawaida, G na C, A na U. Kwenye HBB jozi saba kati ya tisa zinakubali. Herufi ya tatu na ya nne za introni, U na G, hazipatani na U1 inavyotakiwa. Kwa maneno mengine, lango hili linafanya kazi vizuri, ila halina akiba kubwa. Likumbuke hilo tutakapofika kwenye makosa.

Nukta ya tawi ya introni hii ni A ya nafasi ya 94, ukihesabu kutoka mwanzo wa introni. Kati yake na eksoni 2 kuna herufi 36.

## Kazi yenyewe inakwendaje, hatua kwa hatua?

Tubaki na introni hiyo ya herufi 130.

Kwanza U1 inakaa kwenye GU. Wakati huohuo protini iitwayo SF1 inashika nukta ya tawi, na protini nyingine yenye sehemu mbili, U2AF, inashika upande wa pili: sehemu kubwa inalala juu ya ukanda wa U na C, sehemu ndogo inagusa AG. Hapa introni imetambuliwa pande zote mbili, lakini hakuna kilichokatwa.

Kisha U2, chembe ya aina ileile ya U1, inaingia na kumtoa SF1. RNA ya U2 inapandana na herufi zinazoizunguka nukta ya tawi, lakini A yenyewe haipati mwenza, kwa hiyo inabenuka nje. Kubenuka huko ndiko kunakoiweka tayari kwa kemia inayofuata.

Halafu chembe nyingine tatu za aina hiyo, U4, U5 na U6, zinafika kwa pamoja. U6 inakuja ikiwa imefungwa na U4 ili isianze kazi kabla ya wakati. Kimeng'enya Prp28 kinaiondoa U1 mlangoni na U6 inachukua nafasi yake. Kingine, Brr2, kinaifumua U4 kutoka kwa U6. U1 na U4 zinaondoka. U6 ikishakuwa huru inajikunja na kupandana na U2, na hapo ndipo kitovu cha ukataji kinapotengenezwa. Wengi hushangaa kusikia kwamba chembe iliyotambua lango haipo tena wakati lango linapokatwa, lakini ndivyo ilivyo. Kila alama husomwa zaidi ya mara moja, na wasomaji tofauti.

Sasa mkato wa kwanza. Kikundi cha 2'-OH cha ile A ya nafasi ya 94 kinashambulia fosfati iliyo kati ya eksoni 1 na G ya kwanza ya introni. Eksoni 1 inaachia, lakini haielei ovyo, kwa kuwa U5 imeishika. G ya mwanzo wa introni sasa imefungwa kwenye A, na introni imekuwa kitanzi cha herufi 94 chenye mkia wa herufi 36, mkia ambao bado umeungana na eksoni 2.

Mkato wa pili: ncha ya eksoni 1 iliyoachwa wazi, yenye 3'-OH, inashambulia fosfati iliyo baada ya AG. Eksoni 1 na 2 zinaungana, kitanzi kinatoka. Prp22 inaachia mRNA, Prp43 inabomoa mtambo ili vipande vyake vitumike tena, na kimeng'enya DBR1 kinakifungua kitanzi ili kisagwe.

Kabla mRNA haijaondoka, kundi la protini huachwa juu yake, herufi 20 hadi 24 kabla ya kiungo. Kundi hili ni kama muhuri wa kwamba hapa paliungwa. Litakuja kuwa na kazi kubwa baadaye.

## Anayekata ni protini au ni RNA?

Ni RNA. Ioni mbili za magnesi zinazosaidia mikato yote miwili zimeshikwa na U6, jambo lililothibitishwa kwa majaribio mwaka 2013. Tangu 2015, picha za hadubini ya elektroni za spliseosomu iliyogandishwa zimeonyesha kitovu hicho kwa undani wa karibu kila atomu, na protini kubwa Prp8 ikiwa imekikumbatia bila yenyewe kukata.

Swali hili huja pamoja na lingine kuhusu ATP. Mikato yenyewe haihitaji ATP, maana kila kifungo cha fosfati kinachovunjwa hubadilishwa na kingine. ATP inaliwa na vile vimeng'enya vinavyofumua na kupanga upya, kama Prp28, Brr2 na Prp22. Ukiandaa jaribio kwenye bomba na kusahau ATP, mchakato utakwama mapema: SF1 na U1 zitakaa mahali pake, U2 haitajifunga sawasawa, na hutaona kitanzi hata kimoja.

## Herufi moja katikati ya introni, sehemu ambayo hutupwa, inawezaje kuleta ugonjwa?

Mfano bora ni badiliko linaloitwa IVS1-110 G>A, ambalo kwa mtindo wa sasa huandikwa `HBB:c.93-21G>A`. Ni chanzo kikubwa cha thalasemia ya beta, upungufu wa damu wa kurithi unaotokana na uhaba wa mnyororo wa beta, huko Cyprus, Uturuki na Ugiriki. Liko kwenye nafasi ya 110 ya introni ya kwanza, herufi 21 kabla ya eksoni 2. Tazama RNA kuanzia karibu na nukta ya tawi. Mstari wima unaonyesha mahali pa kukata:

```
kawaida:  CUGACUCUCUCUGCCUAUUGGUCUAUUUUCCCACCCUUAG|GCUGCUGG
badiliko: CUGACUCUCUCUGCCUAUUAG|UCUAUUUUCCCACCCUUAGGCUGCUGG
```

G moja imekuwa A, na UUGG imekuwa UUAG. Spliseosomu inapotafuta AG ya mkato wa pili, huanza kwenye nukta ya tawi na kushuka, na kwa kawaida huchukua AG ya kwanza inayofaa. AG ya zamani bado ipo na haina kasoro yoyote, ila sasa imetanguliwa. Takriban asilimia 90 ya RNA inakatwa kwenye AG mpya, na asilimia 10 tu kwenye ile sahihi.

Mkato mpya unaacha herufi 19 za introni ndani ya mRNA. Kumi na tisa haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo usomaji unateguka. Tufuate kodoni moja moja, yaani herufi tatu tatu zinazosomwa kwa pamoja. Eksoni 1 ina herufi 92 zinazosomwa, yaani kodoni 30 kamili na herufi mbili zilizobaki, AG. Kwenye mRNA nzima herufi hizo mbili hupata G ya kwanza ya eksoni 2 na kuwa AGG. Hapa zinapata U, na usomaji unaendelea hivi:

```
AGU CUA UUU UCC CAC CCU UAG
```

UAG ni kodoni ya kukomea. Na ukitazama vizuri, hiyo UAG ndiyo mwisho halisi wa introni, AG ileile ambayo spliseosomu iliiruka. Baada ya kodoni 30 sahihi zinafuata sita za upuuzi, kisha ribosomu inasimama.

Hata hivyo protini hiyo fupi haijai kwenye seli, na hapo ndipo ule muhuri unapofanya kazi. Ribosomu ya kwanza kupita huondoa kila muhuri inaoukuta njiani. Ikisimama mapema, muhuri wa kiungo cha eksoni 2 na 3 unabaki mbele yake, na seli huchukulia hiyo kama dalili ya mRNA mbovu na kuisaga. Kanuni inayotumika ni kwamba kodoni ya kukomea iliyo zaidi ya herufi 50 hadi 55 kabla ya kiungo cha mwisho huleta usagaji. Hapa umbali ni herufi 223, eksoni 2 nzima, kwa hiyo hakuna ubishi. Mgonjwa anabaki na mnyororo wa beta kidogo sana unaotokana na ile asilimia 10.

## Na badiliko likiangukia lango lenyewe?

Inategemea ni herufi ipi. IVS1-1 G>A inaondoa G ya kwanza ya introni, na lango linakufa kabisa. Hakuna beta ya kawaida inayotengenezwa kutoka nakala hiyo. IVS1-5 G>C (`HBB:c.92+5G>C`) inaacha GU salama lakini inavunja jozi ya G na C kati ya nafasi ya tano na U1. Kumbuka jozi ya tatu na ya nne tayari zilikuwa dhaifu. Ukiondoa ya tano, U1 inabaki imeshikilia kwa shida, na uungaji sahihi unapungua sana bila kwisha. Hili ndilo badiliko la thalasemia ya beta linaloonekana zaidi Oman, na limeenea pia Pakistani na India, kwa hiyo kwa familia zenye asili ya huko ni vizuri litafutwe mwanzoni kabisa.

Lango likidhoofika, U1 haikai bure. Inakwenda kwenye milango ya akiba, yaani sehemu zinazofanana na lango ambazo siku zote zilikuwepo lakini hazikuwahi kushinda. Mbili kati ya hizo ziko ndani ya eksoni 1, herufi 16 na herufi 38 kabla ya mpaka halali, na zote zina GUGA. Mkato ukifanyika hapo, eksoni inapoteza herufi 16 au 38. Hakuna kati ya namba hizo inayogawanyika kwa tatu, kwa hiyo usomaji unateguka kwa njia zote mbili.

Watu wengi hudhani lango likifa introni hubaki ndani. Kwa binadamu hilo si la kawaida. Mara nyingi zaidi ama mlango wa akiba unatumika, ama eksoni nzima inarukwa.

## Je, selimundu nayo ni kosa la uungaji?

Hapana. Jeni ni hiyohiyo HBB, lakini badiliko la selimundu liko ndani ya eksoni 1: kodoni GAG inakuwa GTG, na asidi ya glutamiki inabadilishwa na valini. RNA inaungwa bila tatizo lolote. Kasoro ni ya protini.

Mambo huchanganyika pale mtoto anapopata selimundu kwa mzazi mmoja na badiliko la uungaji kwa mwingine. Kama badiliko hilo linafuta beta ya kawaida kabisa, kama IVS1-1, kipimo cha aina za hemoglobini kitaonyesha S ya selimundu bila A ya kawaida, na karatasi itafanana na ya mgonjwa wa selimundu pande zote mbili. Dalili za kutilia shaka ni chembe nyekundu ndogo kuliko kawaida na hemoglobini A2 iliyopanda juu ya asilimia 3.5. Kupima damu ya wazazi humaliza utata haraka kuliko kurudia kipimo cha mtoto.

## Nitathibitishaje maabara kwamba badiliko linaharibu uungaji?

Njia ya kawaida ni RT-PCR: unageuza RNA kuwa DNA, unakuza kipande kinachovuka kiungo, kisha unapima urefu wake. Tuseme praima moja iko eksoni 1, nyingine eksoni 2, na kipande cha kawaida kina herufi 150. Mwenye IVS1-110 atatoa pia kipande cha 169. Tofauti ya herufi 19 inaonekana kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 3 ikiwa vipande ni vifupi hivi. Ukiweka praima mbali hadi kipande kifike herufi 1000, bendi mbili zitaonekana kama moja, na utaandika kwamba hakuna tatizo.

Bendi ya 280 ni introni ya herufi 130 ikiwa bado ndani. Kabla ya kufurahia kwamba umeona introni iliyobaki, angalia bomba lisilowekewa kimeng'enya cha kugeuza RNA. Bendi ikiwepo na humo, ulichokuza ni DNA iliyochafua sampuli. Safisha RNA kwa kimeng'enya kinachokata DNA na urudie.

Kuna bendi nyingine inayowapotosha watu. Mwenye nakala moja nzima na moja mbovu wakati mwingine huonyesha bendi ya tatu, juu ya zile mbili. Mara nyingi si aina ya tatu ya mRNA, bali ni uzi mmoja mrefu uliopandana na mmoja mfupi. Zile herufi 19 zinabenuka na kukipunguzia kipande mwendo kwenye jeli.

Kosa kubwa zaidi ni kusahau usagaji. mRNA mbovu husagwa, kwa hiyo jeli inaweza kuonyesha bendi ya kawaida peke yake wakati uungaji umeharibika vibaya. Kama una seli hai, zigawe mafungu mawili, na moja ulipe sikloheksimidi, kwa mfano mikrogramu 100 kwa mililita kwa saa nne hadi sita, kabla ya kutoa RNA. Dawa hii inasimamisha ribosomu, na bila ribosomu usagaji huo hauendi. Bendi inayotokea au kukolea upande wa dawa tu ndiyo iliyokuwa ikisagwa.

Kwa HBB, RNA inapatikana kwenye damu kwa sababu chembe nyekundu changa bado zinayo. Usichukue sampuli muda mfupi baada ya mgonjwa kuongezewa damu, maana utakuwa unapima pia mRNA ya mchangiaji. Na kwa jeni zisizofanya kazi kwenye damu, kipande cha jeni chenye badiliko huwekwa kwenye plazmidi na kuingizwa kwenye seli za maabara. Ni njia nzuri, ingawa seli hizo si tishu halisi na zinaweza kuunga tofauti.

## Uungaji mbadala unatoaje protini mbili kutoka jeni moja?

Kwa kuchagua eksoni zipi ziingie. Jeni ya CALCA, iliyoko kwenye kromosomu 11 kama HBB, inaonyesha hili waziwazi. Ina eksoni sita, na nakala ghafi ni ileile kila mahali inapofanya kazi.

Kwenye seli C za tezi ya shingo, eksoni 1, 2, 3 na 4 zinaungwa. Mwishoni mwa eksoni 4 kuna alama ya kumalizia RNA na kuongeza mkia wa A, na hapo ndipo mRNA inapokomea. Protini inayotoka hukatwakatwa na kutoa kalisitonini, homoni ya asidi amino 32 inayopunguza kalisi kwenye damu.

Kwenye seli za neva eksoni 4 inarukwa. Eksoni 3 inaungwa moja kwa moja na ya 5, kisha ya 6, na alama ya kumalizia ya eksoni 4 inatupwa pamoja nayo. Protini inayotoka inatoa CGRP, peptidi ya asidi amino 37 inayotanua mishipa ya damu na kuhusika na maumivu ya kipandauso. Vipande vya mwanzo vya protini hizo mbili, vinavyotoka eksoni 2 na 3, ni vilevile. Vinavyotofautiana ni vile vinavyofanya kazi mwilini.

Kuruka eksoni si njia pekee. Seli inaweza kubadilisha lango la mwanzo au la mwisho wa introni, kuchagua moja kati ya eksoni mbili zisizokaa pamoja, au kuiacha introni ndani. Kwa binadamu kuruka eksoni ndiko kunakotokea mara nyingi zaidi.

## Nani anaamua eksoni iingie au irukwe?

Hakuna mwamuzi mmoja. Eksoni zinazochaguliwa huwa na milango dhaifu kwa makusudi, ili wengine waweze kuisukuma huku au kule. Nukta ya tawi inayotangulia eksoni 4 ya CALCA, kwa mfano, si A bali ni U, na U ni tawi baya. Kwa hiyo eksoni hiyo inahitaji msaada ili iingie.

Msaada hutoka kwa protini za kundi la SR, ambazo hushika herufi maalumu ndani ya eksoni na kuzivuta U1 na U2AF karibu. Upinzani hutoka kwa protini kama hnRNP A1, ambazo huziba milango hiyo. Kwenye neva kuna protini za jamii ya Fox, zinazoshika herufi UGCAUG na kuizuia eksoni 4. Matokeo ni hesabu ya nguvu za pande zote mbili, na kwa sababu hiyo uwiano huwa wa asilimia, si ndiyo au hapana. Kasi ya kunakili nayo ina sehemu yake: uungaji mwingi hufanyika RNA ikiwa bado inaandikwa, na mwandishi akienda polepole lango dhaifu hupata muda wa kutambuliwa kabla ya lenye nguvu kutokea.

## Basi binadamu ana protini ngapi?

Jeni zenye kutengeneza protini ni karibu 20,000, na zaidi ya asilimia 90 ya zile zenye eksoni nyingi huungwa kwa zaidi ya namna moja. Lakini usizidishe tu. mRNA nyingi mbadala huwa na kodoni ya kukomea mapema na husagwa. Baadhi ni makosa tu ya mtambo, na nyingine ni njia ya seli kupunguza protini bila kuzima jeni. Kuona aina kumi za mRNA si ushahidi wa protini kumi.

Mfano unaopendwa ni Dscam1 ya nzi wa matunda, yenye makundi manne ya eksoni za kuchagua moja moja: 12 × 48 × 33 × 2, yaani michanganyiko 38,016. Ni mfano wa kweli, ila ni wa pekee. Jeni nyingi zina matoleo mawili au matatu yanayoeleweka kazi yake.

## Kosa la uungaji linaweza kutibiwa?

Kwa ugonjwa mmoja, ndiyo, na kwa dawa inayolenga uungaji wenyewe. Udhaifu wa misuli wa uti wa mgongo hutokea mtoto anapokosa jeni ya SMN1. Binadamu ana pacha wake, SMN2, lakini ndani ya eksoni 7 ya SMN2 herufi ya sita ni T badala ya C. Badiliko hilo halibadilishi asidi amino hata moja. Linachobadilisha ni nguvu za pande mbili tulizozitaja: linapunguza mvuto wa protini za SR na kuwapa wapinzani nafasi. Eksoni 7 inarukwa kwenye sehemu kubwa ya mRNA, na ni kiasi cha asilimia 10 hadi 15 tu kinachotoka kizima. Eksoni hiyo ina herufi 54, inagawanyika kwa tatu, lakini kodoni ya kukomea iko ndani yake. Ikirukwa, asidi amino 16 za mwisho zinabadilishwa na nne kutoka eksoni 8, na protini hiyo huoza haraka.

Nusinersen ni uzi wa herufi 18 unaopandana na sehemu ya introni 7 ambayo hnRNP A1 hupenda kuishika. Sehemu ikishazibwa, mpinzani anakosa pa kukaa na eksoni 7 inaingia. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2016. Hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa kipimo cha awali miligramu 12, siku ya 0, 14, 28 na 63, kisha kila baada ya miezi minne, kwa sababu haivuki kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo. Risdiplam, iliyofuata mwaka 2020, ni ya kunywa kila siku na inafanya kazi tofauti: inaimarisha mshiko wa U1 kwenye lango dhaifu mwishoni mwa eksoni 7.

Dawa zote mbili zinategemea SMN2 iwepo, na hazirudishi neva zilizokwisha kufa, ndiyo maana mtoto aliyeanza dawa kabla ya dalili hufika mbali zaidi. Wala haziwezi kuhamishiwa kwenye thalasemia. Uzi wa kuziba ile AG ya nafasi ya 110 umefanya kazi kwenye seli za maabara, lakini kuufikisha ndani ya uboho, kwenye seli zinazogawanyika bila kupumzika na kuupunguza kila zinapogawanyika, ni kazi ngumu kuliko kudunga maji yanayozunguka neva zisizogawanyika tena. Na mgonjwa mwenye IVS1-1 usingemsaidia hata kama ungefika, kwa sababu kwake hakuna lango halali la kurudishia kazi.